Mtoto mwenye haya na kijiti: usimwambie apaze sauti

Ukiwa na mtoto mwenye haya katika timu ya mbio za kupokezana vijiti, usimwambie apaze sauti. Mwalimu husimama ukingoni mwa kiwanja akapiga kelele, "Sauti! Hatukusikii!" na kila akisema hivyo mtoto anazidi kunywea, maana kiwanja kizima kimeshageuka kumtazama, na kutazamwa ndiko alikokuwa akikukwepa tangu kengele ya asubuhi. Ukitaka sauti yake itoke, mpe kazi ambayo bila sauti haifanyiki, halafu wewe nyamaza.

Nafundisha skuli ya msingi huku kaskazini ya Pemba, na jioni nasimamia riadha ya wasichana. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona kwa watoto kadhaa, lakini aliyenifunza zaidi ni mmoja wa darasa la sita ambaye nitamwita Time, ingawa jina lake silo. Mwenzake aliyekuwa akipokea kijiti kutoka kwake nitamwita Raya, naye pia nimembadilisha jina.

Time alikuwa mtoto wa kuitikia mahudhurio kwa kidole. Ukimuuliza jambo darasani anaingiza pindo la mtandio mdomoni, analitafuna, na jibu likija linakuja baada ya mwengine kushajibu. Hakuwa mjinga, madaftari yake yalikuwa safi kuliko ya wengi. Wala kwenye riadha hakujiandikisha. Nilimwona alasiri moja akichelewa kwenda chuoni kusoma Kurani: juzuu imebanwa kifuani, viatu mkono mmoja, miguu mitupu anaikata njia ya mchanga chini ya minazi, na mwendo wake haukuyumba mpaka alipofika mlangoni. Hakuwa na kasi ya kutisha. Alikuwa na mwendo mmoja usiopungua, na kwenye kupokezana vijiti mwendo wa namna hiyo una thamani kubwa, nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane juu ya mbio zenyewe, maana wazazi wengi wanadhani ni watoto wanne wenye mbio wakipeana fimbo. Katika 4x100 anayepokea haangalii nyuma. Anasimama mwanzoni mwa eneo la kupokezana, anamtazama mwenzake anavyokuja, na mwenzake akikanyaga alama iliyowekwa chini, yeye anageuza uso mbele na kuondoka kwa nguvu zake zote. Tangu hapo hamwoni tena. Anakimbia mikono ikipiga kama kawaida mpaka asikie neno kutoka nyuma, na akilisikia ndipo anapeleka mkono nyuma na kuutuliza. Kwa hiyo kuna sekunde chache ambazo mbio nzima inategemea sauti ya mtoto mmoja, na anayeisubiri sauti hiyo amempa mgongo.

Soma tena hapo kwenye mgongo. Mtoto mwenye haya anaweza kusema na mgongo wa mtu mapema kuliko anavyoweza kusema na macho yake. Na neno lenyewe ni moja, limeshapangwa, halihitaji kufikiriwa wala haliwezi kuwa jibu la makosa. Ndiyo maana nachagua kupokezana vijiti kwa watoto wa namna hii kuliko mbio za mtu mmoja mmoja, ambazo mtoto anaweza kushinda mwaka mzima bila kufungua kinywa.

Pa kumweka ni jambo la kufikiri. Mkimbiaji wa kwanza anaanza na mlio, uwanja umenyamaza na kila jicho liko kwenye mstari. Wa nne anamalizia mbele ya jukwaa, na makosa ya wote watatu yanamwangukia yeye. Time nilimweka wa pili. Kwenye uwanja wa mita 400 ulio na jukwaa upande wa kumalizia, wa pili anapokea mwisho wa kona ya kwanza, anakimbia upande wa mbali kabisa na watu, na anatoa kijiti kwenye alama ya mita 200, ambako watazamaji wanaona watoto kama vidole. Kazi yake ni kubwa maana anapokea na kutoa, ila anaifanya mbali na kelele. Sijaona sababu ya kumweka mtoto wa haya mwisho eti apate moyo kwa kushangiliwa. Akifika mwisho timu imeshapitwa, kitakachomfika masikioni si kushangiliwa.

Vijiti vyetu tulivikata wenyewe kwa paipu ya plastiki ya maji. Kijiti cha mashindano kina urefu wa sentimita 28 hadi 30, mzingo wake ni sentimita 12 hadi 13, na hakipungui gramu 50. Chukua uzi, zungushia paipu, kisha upime uzi kwa rula. Midomo ya paipu isuguliwe kwa msasa, kwa sababu paipu iliyokatwa kwa msumeno huacha makali, na mtoto aliyechanwa kiganja mara moja ataufunga mkono kila kijiti kinapokuja. Jambo jengine la kwetu ni mtandio. Ukining'inia nyuma, mkono wa mpokeaji unakwenda kunasa nguo badala ya kijiti, kwa hiyo upitishwe ndani ya fulana na ubanwe kwa pini kabla ya mazoezi kuanza. Hilo niliambiwa na bibi yake Time siku nilipokwenda kumwombea ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza juu ya suruali ndefu, juu ya saa ya kurudi chuoni, kisha akaniambia, "Basi huo mtandio mwalimu ufungeni, usiwe unapepea kama tanga." Nilikuwa nimejitayarisha kwa mazungumzo marefu kuliko hayo.

Sasa mazoezi. La kwanza ni la kusimama, hakuna kukimbia. Watoto wanne wanapanga mstari mmoja, wote wanatazama mbele, nafasi ya mikono miwili baina ya mtu na mwenzake. Mikono inapiga kama wanaokimbia. Kijiti kinaanzia nyuma. Mwenye kijiti anasema neno, wa mbele yake anapeleka mkono, kijiti kinaingia. Wa kwanza anabeba kwa mkono wa kulia, anaingiza kwenye kushoto cha wa pili, wa pili anaingiza kwenye kulia cha wa tatu, wa tatu kwenye kushoto cha wa nne. Hakuna anayehamisha kijiti mkono hadi mkono, kwa sababu hapo ndipo kinapoanguka.

Neno niliwaachia wachague wenyewe. Timu nyingi zinasema "Shika!" na siku ya mashindano, njia sita zikiwa bega kwa bega, watoto wote wanasikia "Shika!" na nimeona mkono ukitoka kwa sauti ya skuli nyengine. Wasichana wangu wakachagua "Twaa!" Ni fupi na inaishia kwa mdomo wazi, kwa hiyo inasafiri.

Siku za mwanzo nilitaka mstari mzima uitike pamoja. Yeyote mwenye kijiti, wote wanne wanasema "Twaa!" kwa wakati mmoja. Hili nililipata chuoni. Nilikuwa nikipita jioni nje ya dirisha nikamsikia Time akisoma na wenzake, na sauti yake ilikuwemo, kavu, iko juu, haijifichi. Mtoto yule hakukosa sauti. Alichokosa ni kuitoa ikiwa peke yake. Basi tukaanza na ya wote, halafu nikapunguza mmoja mmoja: leo wanasema wawili, mwenye kijiti na wa nyuma yake, na baadaye mwenye kijiti peke yake. Aliyebaki peke yake hakutangaziwa. Niliendelea kupiga makofi ya mwendo kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Hata hivyo ilipofika zamu ya Time kubaki peke yake, "Twaa" yake ilikufa ndani ya mtandio. Raya akageuka nyuma kuangalia. Hapa ndipo mwalimu anapotaka kusema "paza sauti", na hapa ndipo nilipobadilisha zoezi. Nikawaambia wapokeaji wote wafumbe macho, wasimame tu, mikono imelala ubavuni. Mwenye kijiti atembee kutoka hatua kumi nyuma. Akisema, mkono utatoka. Asiposema, hautatoka. Na mimi sitasema kitu, wala mtu yeyote hatasema kitu, mpaka kijiti kishikwe.

Time alitembea mpaka nyuma ya Raya akasimama. Raya macho kayafumba, mikono ubavuni, ametulia tuli. Upepo wa kusi ulikuwa ukipiga makuti. Time akanyoosha kijiti, akakigusisha mkono wa Raya. Raya hakutikisika, na kwa hili ninamshukuru hadi leo, maana ni mtoto asiye na subira hata kidogo. Time akanitazama mimi. Mimi nikatazama minazi. Ilipita muda mrefu kiasi watoto wengine walianza kuchezea mchanga kwa vidole vya miguu, na kwa kweli hilo lilisaidia, kwa sababu walipoacha kumwangalia ndipo aliposema. Haikuwa kelele. Lakini Raya aliisikia, na mkono ukatoka kama mlango uliovutwa kamba.

Nataka mwalimu mwenzangu uone kilichofanya kazi pale. Hakusifiwa, na nisingekubali asifiwe, kwa sababu makofi ya darasa zima kwa mtoto wa haya ni adhabu iliyovaa nguo nzuri. Kilichomjibu ni mkono. Alisema neno na kitu kikatokea mbele yake hapo hapo. Akarudi nyuma, akafanya tena, na kila alipofanya mkono ulitoka. Kisha tukasogeza: kutembea wote wawili, kuchapuka kidogo, kukimbia nusu mbio. Kila hatua ilihitaji sauti kubwa kidogo kuliko iliyotangulia, kwa sababu nyayo zina kelele na upepo nao una kelele. Kumbuka kwamba wakikimbia kuukabili upepo, sauti ya aliye nyuma inarudishwa nyuma. Jioni za kusi fanyeni zoezi kwanza upepo ukiwa mgongoni, ndipo mugeuze.

Mpaka hapo nilikuwa na mtoto anayesema neno moja. Si kitu kidogo, ila si kujiamini. Kujiamini nilikuona kwenye alama.

Alama ndiyo sehemu ya mbio hizi ambayo skuli nyingi zinaipuuza, na ndiyo inayoamua. Eneo la kupokezana katika 4x100 ni mita 30. Waliosoma zamani wanakumbuka mita 20 na mita 10 za kuchukulia mwendo nyuma yake, lakini kanuni ilibadilika mwishoni mwa 2017 na sasa zote 30 ni eneo la kupokelea. Kijiti chenyewe, si mguu wala kichwa cha mkimbiaji, lazima kitoke mkono mmoja na kuingia wa pili kikiwa ndani ya mita hizo. Mpokeaji anasimama mwanzoni mwa eneo, kisha anahesabu nyayo kurudi nyuma, kisigino mbele ya kidole, na mwisho wa hesabu tunachora mstari kwa majivu ya jikoni. Mleta kijiti akikanyaga majivu, mpokeaji anaondoka. Kwa watoto wa umri huu tunaanza na nyayo 20 kisha tunarekebisha.

Kurekebisha ni rahisi ukishaelewa. Mpokeaji akimkimbia mwenzake, kijiti kisimfikie, alama iko mbali mno: ameondoka mapema, punguza nyayo. Mleta akimgonga mpokeaji mgongoni au akilazimika kupunguza mwendo, alama iko karibu mno: ongeza nyayo. Lakini hesabu hii ina maana ikiwa tu mpokeaji kweli ameondoka pale majivu yalipokanyagwa. Akiwahi, unapima uongo.

Raya alikuwa akiwahi. Ni mtoto mwenye mbio, anaona mwenzake yuko mita nane au tisa naye miguu inamuwasha, anaondoka. Mara ya kwanza Time akaachwa hewani na kijiti, neno limeshatoka, mkono wa Raya uko mbele kule haufikiki. Raya akasimama mwisho wa eneo, mikono kiunoni: "Hukimbii weye! Unavuta miguu!" Mara ya pili vivyo hivyo. Time akatazama chini. Nikapunguza nyayo mpaka 16, kijiti kikafika, na Raya akaona ameshinda hoja.

Sikuingilia. Nilichofanya ni kumpa Time kazi nyengine wakati jozi nyengine inakimbia: achuchumae kando ya eneo, mkabala na pale mpokeaji anaposimama, kiasi cha kuona mpokeaji na majivu kwa jicho moja, aniambie kama mpokeaji ameondoka kabla au baada. Kwa mtoto wa haya kazi hii ni nzuri ajabu, kwa sababu anaangalia badala ya kuangaliwa, na anachoulizwa kina jibu lililo chini kwenye mchanga. Mpokeaji akiondoka kwa nguvu, vidole vya mguu wa nyuma vinachimba shimo dogo. Time alichuchumaa jioni nzima. Mwanzo alinionyesha kwa mkono tu, mbele au nyuma. Baadaye akawa anasema, "Kabla." "Kabla." "Sawa." "Kabla." Sauti ya kawaida, ya mtu anayesoma bei.

Siku iliyofuata wakarudi wao wawili. Nyayo 16. Time akaja, Raya akaondoka, kijiti kikapokewa kwa kunyoosha sana, karibu na mwisho wa eneo. Raya akafungua mdomo, na kabla hajasema Time akasema, "Umeondoka mie sijafika alama."

Raya akageuka kama aliyechomwa. "Uongo!"

"Si uongo. Njoo uone."

Akatembea mpaka kwenye alama, Raya nyuma yake, na wengine nyuma ya Raya, na mimi nikabaki nilipo. Akaonyesha kwa kidole cha mguu. Majivu yalikuwa na unyayo mmoja tu, wake. Akahesabu kurudi nyuma kutoka hapo, hatua mbili za kukimbia. "Nilikuwa hapa wewe ulipoondoka. Nimekuona. Ulikuwa umeshanipa mgongo." Halafu, na hili silisahau, akaongeza: "Jana ulifanya hivi hivi, na juzi. Nyayo zirudi 20, weye ungoje."

Hakupaza sauti. Alisema kwa sauti ile ile ya "kabla, kabla, sawa". Pindo la mtandio halikuwa mdomoni, lilikuwa ndani ya fulana limebanwa pini. Raya akatazama majivu, akanitazama mimi, akaona sina la kusema, akasema, "Haya, 20." Hakuomba radhi, wala sikumtaka aombe. Wakarudi mahala pao.

Mtu akiniuliza mtoto wa haya anapataje kujiamini, namwambia mpe kitu ambacho ushahidi wake uko chini na si kinywani mwake. Time hakushinda ubishi kwa kuwa jasiri kuliko Raya, maana hakuwa. Alishinda kwa kuwa alikuwa na mchanga. Mtoto wa namna hii amezoea kwamba kwenye mabishano anashinda mwenye domo, na mara nyingi ni kweli. Pale kwenye alama domo halikusaidia.

Kilichofuata kinapimika, na nakushauri ukipime. Raya alipoanza kungoja, kwa nyayo 20 Time alimfikia vizuri, lakini kwa kuvunja mwendo mita za mwisho. Hili ni kosa la karibu kila mtoto mwenye haya na wengi wasio na haya: akisema neno tu anapunguza, kana kwamba kazi imekwisha, au anaogopa kumparamia mwenzake. Utalijua kwa kusimama ubavuni na kuangalia mabega. Anayevunja mwendo mabega yanakwenda nyuma na kidevu kinapanda. Dawa yake ni kumpangia mahala pa kumalizia mbali zaidi: niliweka nazi mita tano baada ya mwisho wa eneo, nikamwambia Time kijiti kikishatoka mkononi aendelee mpaka aipite nazi, akibaki ndani ya njia yake. Akaacha kuvunja. Akaanza kumgonga Raya mgongoni. Kwa hiyo tukaongeza nyayo, 21, 22, mwisho zikasimama kwenye 24. Kasi yake ya mita 100 peke yake haikubadilika kitu. Zilizobadilika ni mita zile chache za mwisho, ambazo sasa alikuwa akimwendea mwenzake bila kuogopa, na mstari wa majivu ukasogea nyuma karibu mita moja kwa sababu hiyo. Ikiwa unataka kujua mtoto wako wa haya anaendeleaje, hesabu nyayo za alama yake wiki hata wiki. Usimuulize anajisikiaje, atakwambia "vizuri".

Kwa anayedhani naipa alama uzito usio wake, aangalie wanaume wa Japani katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Wote wanne hapakuwa na aliyewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10, na walichukua medali ya fedha kwa sekunde 37.60, nyuma ya Jamaika. Walikuwa wakipokezana kwa kupandisha kijiti kutoka chini, mkono wa mpokeaji ukiwa karibu na nyonga, na hiyo ndiyo namna ninayowafundisha watoto kwa sababu mkono hauhitaji kunyooka sana na mwendo hauvunjiki. Ubaya wake ni kwamba kila kinapopokewa kijiti kinabaki kipande kifupi cha kushika, kwa hiyo mleta akishike chini kabisa, na mpokeaji akipokee mkono wake ukikaribiana na wa mwenzake.

Mashindano ya wilaya kabla ya Tamasha la Elimu Bila Malipo, lile la kuadhimisha tangazo la 23 Septemba 1964, tulikwenda. Karafuu zilikuwa zimeanza na mkimbiaji wetu wa nne alikuwa shambani kwa babu yake mpaka usiku wa kuamkia siku ile, akaja na vidole vyeusi. Tulitoka wa tatu. Kijiti baina ya Time na Raya kilipita safi. Cha mwisho, baina ya Raya na huyo wa karafuu, kilianguka. Hakikuwa kimeshikwa bado, kwa hiyo kwa kanuni ilikuwa ni Raya wa kukiokota, na alikiokota, lakini nafasi mbili zilikwenda. Kwenye gari ya kurudi Raya alilia, na Time akamwambia zile nyayo za kule hawakuzipima tena baada ya yule mwengine kuondoka kwenda kuchuma. Ilikuwa kweli.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo watu wanaharibu. Mwalimu mmoja mwenzangu aliposikia kwamba Time sasa anasema, akampangia kusoma risala mbele ya mstari wa asubuhi. Mtoto alisimama pale na karatasi, skuli nzima mbele yake, na pindo la mtandio likarudi mdomoni. Karatasi ikasomwa na mwengine. Haikuwa ajabu. Alichokipata kiwanjani ni uwezo wa kusema neno lenye kazi, kwa mtu anayelihitaji, juu ya jambo alilolipima mwenyewe. Kusimama mbele ya macho mia nne na kusoma maneno ya mtu mwengine ni kitu tofauti kabisa, na mtoto hahami kutoka hapa kwenda kule kwa kuruka.

Ukitaka kuendeleza, tafuta kazi zinazofanana na ile ya alama. Darasani nilimwomba mwalimu wao wa sayansi ampe kusoma kipimajoto na kutangaza namba kwa kundi lake, basi, namba tu. Kiwanjani nikamkabidhi wadogo wa darasa la nne awapimie nyayo zao. Nilimkuta amepiga magoti, mkono mmoja kaushika mguu wa mtoto, anaupanga kisigino mbele ya kidole, na yule mtoto anataka kuruka hesabu.

"Kumi na tatu hujaikanyaga," alikuwa akimwambia. "Rudi mwanzo."